Kulisha sato, kuosha nyavu: lipi ni la kalenda, lipi ni la orodha ya kazi?

Kilichonifanya niitazame simu yangu kwa jicho jingine ni chakula cha samaki kilichobaki kinaelea. Tuna vizimba vinne vya sato upande wa Luchelele, hapa Mwanza, na asubuhi hiyo nilifika saa 4 nikakuta kizimba namba 2 kimetapakaa chembe za chakula. Samaki walikwisha kushiba, wala hawakuwa na habari nazo. Mawimbi yalikuwa yanazisukuma kwenye kona ya wavu, zimelowa, zinaanza kupasuka. Nikamuuliza kijana wetu amewapa kiasi gani.

"Kilo sita, dada."

"Sita? Si ni tatu?"

"Simu ilikuwa na mbili. Kulikuwa na *Lisha jioni*, nyekundu, halafu *Lisha asubuhi*. Nikatoa zote."

Hakuwa amekosea kusoma. Jioni iliyotangulia injini ya boti iligoma, akashindwa kwenda, na ile kazi ya jioni ikabaki kwenye simu ikimsubiri. Kulipokucha akakuta madeni mawili, akayalipa yote. Aliyekosea ni mimi niliyeandika kulisha kama kazi inayojirudia, wakati ilitakiwa iwe tukio la kalenda. Tangu siku hiyo kila ratiba ya kila siku naiuliza kwanza swali moja: ikipita bila kufanywa, kesho bado inadaiwa?

Hapo ndipo vifaa hivi viwili vinapoachana, ingawa kwa juu vinafanana: vyote vinajirudia kila siku, vyote vinapiga kengele. Tukio la kalenda ni mali ya saa yake. Ukiandika tukio la saa 10 jioni, saa 10 inafika, arifa inalia, saa 10 inapita, na kalenda inasonga mbele bila kujali ulikuwa wapi. Haina pa kuweka tiki. Kesho yake linakuja tukio jingine, jipya, halijui chochote kuhusu la jana. Kazi kwenye orodha ni mali ya tendo lenyewe. Saa ikipita haiondoki. Inabadilika rangi, inapanda juu ya orodha, na itakaa hapo siku tatu au mwezi mzima mpaka mtu aweke tiki, ndipo tarehe inayofuata izaliwe.

Sasa chukua kulisha. Kizimba namba 2 kilikuwa na samaki 2,000 wa wastani wa gramu 150, yaani kilo 300 za samaki. Tunalisha asilimia 3 ya uzito huo kwa siku, kwa hiyo kilo 9, zinagawanywa mara tatu: kilo 3 saa 3 asubuhi, kilo 3 saa 7 mchana, kilo 3 saa 10 jioni. Hatuanzi alfajiri kwa sababu hewa ya oksijeni ndani ya maji huwa chini kabisa kabla jua halijapanda, na samaki aliyekosa hewa hali vizuri. Mlo uliokosekana jioni haufidiwi asubuhi. Sato hana tumbo la akiba, na utakachozidisha kitaelea, kitalowa, kitazama, kitaoza chini ya kizimba. Deni la jana limekufa na jana. Kazi ya namna hiyo inataka kifaa kinachosahau, na kalenda inasahau vizuri sana.

Kwa hiyo kulisha nimekuweka kwenye Google Calendar kama matukio matatu yanayojirudia kila siku, kila moja na arifa mbili. Ya kwanza inalia dakika 15 kabla, ili mtu apime chakula kwenye mzani akiwa bado nchi kavu. Ya pili inalia saa yenyewe. Ukiacha mipangilio kama ilivyokuja, tukio jipya huwa na arifa moja ya dakika 30 kabla, na kwetu dakika 30 ni nyingi mno: mtu anaisikia, anaifuta kwa kidole, anaendelea na chai, na hakuna cha kumkumbusha tena.

Kalenda ina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kila baada ya wiki kadhaa tunapima sampuli ya samaki, na kiasi cha chakula kinabadilika. Safari iliyofuata kizimba namba 2 kilikuwa na samaki 1,950 wa wastani wa gramu 200. Hizo ni kilo 390, asilimia 3 yake ni kilo 11.7, kila mlo kilo 3.9. Nilifungua tukio la siku hiyo nikabadilisha jina kutoka "Lisha kilo 3" kuwa "Lisha kilo 3.9". Wakati wa kuhifadhi Google Calendar inauliza mabadiliko yawe ya wapi, na jibu sahihi hapo ni `This and following events`. Ukichagua `This event` utabadilisha mlo mmoja tu, kesho simu itarudi kusema kilo 3. Ukichagua `All events` utaandika upya hadi ya mwezi uliopita, na siku ukitaka kujua ulikuwa ukilisha kiasi gani kabla samaki hawajaanza kudumaa, kalenda itakudanganya.

Ila kalenda haikuambii kama samaki walikula. Kuona tukio la jana saa 10 kwenye skrini si ushahidi wa chochote, maana lingekuwa pale hata kama boti haikutoka gatini. Mtu akikuambia "nimelisha, ona kwenye kalenda", mwombe daftari.

Tuhamie kwenye kazi ya pili, ya kila asubuhi kabla ya kulisha: kuokota samaki waliokufa na kuwahesabu. Hii nayo ni ya kila siku, ina saa yake, na kwa haraka ungesema ikae pamoja na kulisha. Lakini samaki aliyekufa jana na hakuokotwa, leo bado yupo, tena amevimba. Kazi imebaki. Ukiiweka kwenye kalenda, siku uliyoshindwa kwenda inafutika kimya kimya, na samaki wanaendelea kuoza bila simu kusema neno. Ukiiweka kwenye orodha ya kazi, inakungoja. Na hapa tiki moja inatosha kwa siku mbili, kwa sababu ukienda leo utaokota wa jana na wa leo kwa mkupuo mmoja. Ndiyo tofauti kati yake na chakula: kuokota kunajikusanya, lakini kunalipwa mara moja. Unachotakiwa kufanya ni kuandika pembeni kwamba hesabu ni ya siku mbili, usije ukaona samaki 14 ukadhani ugonjwa umeingia wakati ni saba na saba.

Palipo na utamu zaidi ni kuosha nyavu. Si kazi ya kila siku, lakini inaishi katika ratiba hiyo hiyo ya asubuhi, na ndiyo inayoonyesha kosa ambalo kalenda haiwezi kulikwepa. Matundu ya wavu yanaziba kwa mwani na uchafu, maji hayapiti vizuri, na oksijeni ndani ya kizimba inapungua. Sisi tulianza na kila siku 14. Siku hizo zinahesabiwa tangu nyavu zilipooshwa mara ya mwisho, kwa sababu mwani unaanza kuota upya siku ile ulipouondoa. Haufuati Jumatatu.

Tuseme zamu ya kuosha ni Jumatatu tarehe 3. Upepo unavuma, ziwa limechafuka, kazi inafanyika Jumamosi tarehe 8. Je, zamu ijayo ni lini? Kwenye kalenda ni tarehe 17, kwa sababu mfululizo ulishapangwa kutoka mwanzo, hivyo utatoa watu majini siku 9 tu baada ya kuosha. Huo ni usumbufu mdogo. Ubaya halisi ni pale mnapoikosa tarehe 3 kabisa: kalenda inaruka moja kwa moja hadi tarehe 17, bila alama yoyote, na nyavu zinakaa siku 28 bila kuguswa.

Orodha ya kazi haipotezi zamu, lakini nayo ina mtego, maana kuna namna mbili za kujirudia. Moja inahesabu kutoka tarehe iliyopangwa, nyingine kutoka siku ulipoweka tiki. Kwenye Todoist tofauti ni alama moja tu ya mshangao, na maneno ya tarehe yanaandikwa hivi:

```
Osha nyavu kizimba 2 every 14 days
Osha nyavu kizimba 2 every! 14 days
```

Mstari wa kwanza, hata ukiosha tarehe 8, utakurudisha tarehe 17 kama kalenda. Wa pili utahesabu kutoka tarehe 8 na kukupeleka tarehe 22. Kwa nyavu unataka wa pili. Tasks.org, ambayo nayo inapatikana kwenye Android, inakuuliza waziwazi kama kazi ijirudie kutoka tarehe ya mwisho au kutoka siku ya kukamilisha. Microsoft To Do inazaa kazi inayofuata pale tu unapoweka tiki iliyopo. Kama programu yako haisemi inahesabu vipi, usibahatishe. Andika kazi ya majaribio yenye tarehe ya siku tatu zilizopita, irudie kila baada ya siku 5, iwekee tiki leo, kisha angalia tarehe imeangukia wapi. Ikiwa siku 5 kutoka leo, inahesabu kutoka tiki. Ikiwa siku 2 kutoka leo, inahesabu kutoka tarehe ya zamani. Ni jaribio la dakika moja na linazidi maelezo yote.

Mtego wenyewe hauishii hapo, kwa sababu kuhesabu kutoka tiki kunafanya tiki iwe na thamani ya ukweli. Kijana akiosha tarehe 8 na kukumbuka kuweka tiki tarehe 11, simu itaamini nyavu zimeoshwa tarehe 11. Akiweka tiki ili tu rangi nyekundu iondoke, umepoteza wiki mbili. Kwa kazi hii nimekataza kuweka tiki ukiwa nchi kavu. Unaiweka ukiwa bado ndani ya boti, mikono imelowa, ukitukana kioo cha simu kisichosikia kidole.

Daftari la chakula lilinisumbua kuliko yote. Kila siku inahitaji mstari wake: tarehe, kizimba, kilo. Ukiruka Jumanne, Jumatano unadaiwa mistari miwili, si mmoja. Nilitegemea orodha ya kazi ingenipa madeni mawili, kwa kuwa inakumbuka. Haikunipa. Programu nyingi zinabeba nakala moja tu ya kazi inayojirudia, ile iliyo mbele yako, na ukiiwekea tiki tarehe inarukia mbele. Siku zilizokosekana katikati zinamezwa. Kwa hiyo hakuna kifaa kati ya hivi viwili kinachoweza kuwa daftari. Kazi ya "Andika daftari" ipo kwenye orodha yetu saa 11 jioni, inabaki nyekundu kama hakuna aliyeandika, na mistari iliyoruka unaiona kwenye daftari lenyewe, kwa macho.

Kama mko zaidi ya mmoja, kuna jambo la kalenda ya pamoja ambalo lilitugharimu mlo mmoja wa mchana. Nilitengeneza kalenda ya vizimba, nikawashirikisha kijana na shemeji, nikaweka arifa zangu nzuri za dakika 15. Kwangu ikalia. Kwao kimya. Katika Google Calendar mtu anayeshirikishwa kalenda huyaona matukio, lakini arifa ni za kila mtu na simu yake. Ilibidi nichukue simu zao moja moja, nifungue mipangilio ya kalenda hiyo ya pamoja, niweke arifa upya. Uzuri wake ni kwamba ukishafanya hivyo, na matukio yakiwa yameshashuka kwenye simu, kengele inalia hata huko majini ambako mtandao unakuja na kutoka.

Suala la kulia kwa wakati lina sababu iliyofichika ndani ya Android yenyewe. Simu ikilala mfukoni, mfumo unazizuia programu zisiamke hovyo ili kutunza betri. Ili arifa itoke dakika ile ile, programu inahitaji ruhusa maalumu ya kengele kamili. Kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, programu ambazo kazi yake kuu ni saa ya kengele au kalenda zinaweza kuwa nayo bila kukuuliza. Programu za kazi haziingii kirahisi katika kundi hilo, na kwenye Android 14 ya mwaka 2023 nyingi ulizopakua upya hazina ruhusa hiyo mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu iliyoandikwa `Alarms & reminders`. Bila ruhusa, arifa ya saa 1 asubuhi inaweza kuja baadaye, au ikatokea pale unapowasha skrini. Dalili yake ni hiyo hiyo: ukichukua simu, arifa zinamiminika tatu kwa pamoja kana kwamba zilikuwa zinakuvizia.

Kwa hiyo usiamini jaribio la arifa ya dakika mbili mbele huku unaitazama skrini. Hapo simu iko macho. Weka kazi ya majaribio ya saa moja mbele, zima data, funga skrini, toa chaja, iweke mezani usiiguse. Kama imechelewa, washa ruhusa hiyo, kisha iondoe programu kwenye orodha ya zinazobanwa na kitunza betri. Kama bado inachelewa, chochote chenye saa ngumu kiende kalenda. Na kwa mtu mwenye usingizi mzito hata kalenda haitoshi, kwa sababu arifa yake hulia mara moja na kunyamaza. Huyo ampe kazi saa ya kengele ya kawaida, ile inayolia mpaka uizime.

Halafu kuna saa zetu. Mpwa wangu alipoombwa kuweka mlo wa saa 3 asubuhi aliandika 3:00, kama anavyosema mdomoni. Simu ikaamsha nyumba nzima saa 9 usiku. Ukiandika kwenye Todoist au kalenda, saa 3 asubuhi ni 9:00, saa 7 mchana ni 13:00, saa 10 jioni ni 16:00. Washa mfumo wa saa 24 kwenye simu ya kila anayehusika, vinginevyo mlo wa saa 2 usiku utakuja kugeuka chai ya asubuhi.

Mama yangu aliposikia nahangaika na haya aliuliza dawa zake za presha ziwekwe wapi. Nilidhani jibu ni jepesi, kalenda, kwa kuwa kidonge kilichopita hakifidiwi kwa kumeza viwili. Lakini shida ya mama haikuwa kusahau saa. Shida yake ilikuwa kusimama jikoni saa 3 usiku akijiuliza, "Hivi nimeshameza?" Kalenda haina jibu la swali hilo, tiki inalo. Tukampa kazi inayojirudia, na ndani ya jina lake tukaandika "cha leo tu". Akiamka akakuta ya jana ni nyekundu, anapiga simu kuuliza pale anapotibiwa, hamezi. Sheria hiyo ilibidi iandikwe kwa herufi, maana rangi nyekundu inasukuma mtu kulipa, kama ilivyomsukuma kijana na kilo zake sita.

Jirani yetu mvuvi wa dagaa aliniletea ratiba iliyonishinda kwa siku kadhaa. Kila mchana anachaji betri za taa, isipokuwa siku zinazozunguka mwezi mpevu, ambapo mwanga wa mbalamwezi unafanya taa zisivute dagaa na watu wanapumzika. Kwenye orodha ya kazi, kila mapumziko yanamletea nyekundu asiyostahili, na baada ya miezi miwili akawa haziangalii tena. Kujirudia kila mwezi hakusaidii, kwa sababu mwezi wa angani una takriban siku 29 na nusu, na mapumziko yanahama tarehe. Tulichofanya ni hiki: kwenye Google Calendar kwa kompyuta, katika kalenda za kuongeza, kuna iliyoandikwa `Phases of the Moon`. Tukaiwasha, ikamwonyesha tarehe za mwezi mpevu. Kuchaji kukawa tukio la kila siku lenye arifa, si kazi, na siku za mapumziko anaifuta arifa tu, hadaiwi. Kazi moja ndiyo iliyobaki kwenye orodha yake, nayo ni kukagua nyaya za taa kabla ya kurudi ziwani. Hiyo anaiwekea tarehe kwa mkono kila mwezi, akiangalia kalenda ya mwezi, kwa sababu hakuna kujirudia tulikopata kunakoielewa.